Mikato mitano, si mitatu: jinsi ya kusevu namba ya ndani ya ofisi ili simu ifike yenyewe

Mzee mmoja anayeendesha trela kati ya Mombasa na Kampala alinipigia akiwa Malaba, amekasirika. "Kijana wangu, ile namba uliyoniwekea ina wazimu. Nimeandika tatu ya Kiswahili, mashine inanijibu kwa Luganda. Halafu inanipeleka kwa binti wa mapokezi, naye hajui habari za mzigo wangu."

Namba haikuwa na wazimu. Mzee alikuwa amefuta mikato miwili kwa sababu aliiona mingi mno. Huyu si wa kwanza. Wengi wanajua kwamba mkato ukiwekwa baada ya namba ya simu unaifanya simu ingoje kidogo kabla ya kubonyeza tarakimu zinazofuata. Kinachowashinda ni idadi ya mikato. Wanakisia, na mashine ya ofisi haina huruma na makisio. Kwa hiyo hapa tunapima kwanza, kisha ndiyo tunaandika.

## Uwe na nini mkononi

- Namba kuu ya ofisi.
- Namba ya ndani ya mtu au dawati unalolitaka. Muulize mwenyewe na umwombe aisome tarakimu moja moja.
- Salio la kupiga simu kadhaa fupi. Mashine ikishapokea, salio linaanza kuliwa, hata kama hujazungumza na mtu.
- Kalamu na kipande cha karatasi.
- Muda wa saa za kazi. Ofisi nyingi hubadilisha salamu zikifunga, na salamu ya usiku huwa na urefu wake. Ukipima saa mbili usiku, vipimo vyako havitafaa asubuhi.

Namba nitakayotumia humu ni ya mfano tu, usiipige: 0414 000000, namba ya ndani 204, dawati la nyaraka katika ofisi ya wakala wa forodha.

## Hatua ya 1: Anza na +256

Andika namba kuu kwa mtindo wa kimataifa: ondoa sifuri ya mbele, weka +256. Hivyo 0414 000000 inakuwa:

```
+256414000000
```

Ukiwa Kampala utasema hii ni kazi ya bure, maana 0414 inafika vizuri. Lakini dereva akishavuka Malaba au Busia na kuweka laini ya Kenya, 0414 haimfikishi Kampala. Ukiandika +256, jina hilo moja linafanya kazi pande zote mbili za mpaka.

Piga namba hiyo peke yake kwanza. Ukisikia salamu ya mashine ya ofisi, endelea. Ukisikia kwamba namba haipo, hakuna mkato utakaokuokoa. Rekebisha hapa kabla ya kusonga.

## Hatua ya 2: Pima mashine kwa saa ya simu yenyewe

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Usiruke.

Huhitaji saa nyingine. Simu inapopokelewa, kwenye kioo inatokea saa ndogo inayoanza 00:00. Huo ndio wakati simu yako inapoanza kuhesabu mikato. Haihesabu wakati simu inaita, inahesabu tangu upande wa pili upokee. Ndiyo maana hata mtandao ukichelewa kuunganisha kwa sekunde ishirini, mikato yako haiharibiki.

Simu ya kwanza: sikiliza tu. Weka spika ya nje ili uone saa huku ukisikia. Usibonyeze chochote mpaka uambiwe. Andika sekunde ambayo kila kitu kinaanza. Kwa ofisi yetu ya mfano, karatasi yangu ilisomeka hivi:

- 00:00 mashine inapokea, salamu inaanza.
- 00:09 salamu inakwisha, lugha zinaanza kutajwa: Kiingereza 1, Luganda 2, Kiswahili 3.
- 00:10 nimebonyeza 3.
- 00:12 baada ya kimya kifupi, sauti ya Kiswahili: kama unajua namba ya ndani, ibonyeze sasa.
- 00:16 nimebonyeza 204, ikaita.

Simu ya pili: jaribu kuikatiza salamu. Piga tena na ubonyeze 3 saa ikiwa 00:03, mashine ikiwa bado inakukaribisha. Kuna mashine zinazosikia huku zinasema: ukibonyeza, salamu inakatika hapo hapo na unaruka hatua ya mbele. Nyingine ni viziwi mpaka zimalize. Hii ya kwetu ilikuwa kiziwi. Niliibonyeza 3, ikaendelea na salamu yake kama vile sipo, na ile 3 ikapotea. Haikuwekwa akiba mahali popote.

Simu ya tatu: jaribu kuikatiza sauti ya Kiswahili. Bonyeza 3 saa 00:10, kisha 204 saa 00:13, sauti ikiwa ndiyo kwanza inaanza kusema. Safari hii ilisikia, ikakata maneno na kuita dawati. Kwa hiyo mashine hiyo hiyo ni kiziwi kwenye salamu, lakini inasikia kwenye menyu. Mchanganyiko huo ni wa kawaida sana, na ndio unaowapoteza watu.

Sasa unazo namba mbili tu zenye maana: tarakimu ya kwanza isitoke kabla ya sekunde ya 9, na kati ya tarakimu ya kwanza na namba ya ndani ziwepo sekunde 2 au 3.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kufika dawatini kwa vidole vyako mara mbili mfululizo ukifuata karatasi yako. Kama vidole vinashindwa, mikato nayo itashindwa.

## Hatua ya 3: Geuza sekunde kuwa mikato

Mkato mmoja (,) ni kama sekunde 2 za kungoja, kwenye Android na kwenye iPhone. Ukitaka zaidi, unaipanga mfululizo.

Gawanya sekunde kwa mbili, na ukipata nusu, panda juu. Sekunde 9 ni mikato minne na nusu, kwa hiyo mitano. Sekunde 2 au 3 ni mkato mmoja au mmoja na nusu, kwa hiyo weka miwili. Tunapata:

```
+256414000000,,,,,3,,204
```

Isome polepole: piga ofisi, ikipokea, ngoja kama sekunde 10, bonyeza 3, ngoja kama sekunde 4, bonyeza 204.

Kwa nini tunapanda juu na si kushuka? Kwa sababu kuwahi na kuchelewa havina adhabu sawa. Tarakimu ikiwahi, inapotea kabisa. Ikichelewa sekunde mbili, mashine bado inakusubiri. Programu iitwayo Asterisk, ambayo vituo vingi vya simu za ofisi vimejengwa juu yake, kwa kawaida yake husubiri tarakimu ya kwanza kwa sekunde 10 baada ya kumaliza kusema, isipokuwa fundi awe ameibadilisha. Nafasi ya kuchelewa ipo. Nafasi ya kuwahi haipo.

Tumrudie mzee wa Malaba. Alibaki na mikato mitatu mbele:

```
+256414000000,,,3,,204
```

Fuatilia saa. 3 ilitoka sekunde ya 6, salamu ikiwa bado inaendelea, mashine kiziwi, ikapotea. Mikato miwili ikapita, na sekunde ya 10 ikatoka 204. Lakini sekunde ya 10 mashine ilikuwa inauliza lugha! Ikachukua 2, na 2 ni Luganda. 0 na 4 zikaangukia kwenye kile kimya kifupi cha kubadilisha lugha, zikapotea nazo. Mashine ikasema Luganda, ikangoja, haikusikia kitu, ikampeleka mapokezi. Hatua kwa hatua, ilifanya ilichoambiwa.

Jambo moja la kuangalia: usiweke mkato katikati ya namba ya ndani. `2,0,4` inakaribisha matatizo. Mashine hungoja muda mfupi tu kati ya tarakimu (Asterisk, isipobadilishwa, sekunde 5), na nyingine wameziwekea muda mfupi zaidi. Ukiikawiza, inaweza kuamua kwamba umemaliza na ulitaka namba 2.

Na ikiwa baada ya 204 kuna kimya kirefu kabla ya kuita, mashine inangoja kuona kama utaongeza tarakimu nyingine. Jaribu kuongeza alama ya reli mwishoni: `204#`. Kwenye mashine nyingi reli maana yake ni "nimemaliza". Jaribu kwa kidole kwanza kabla ya kuisevu.

## Mkato au nuktamkato?

Nuktamkato (;) haihesabu sekunde. Inaisimamisha simu mpaka wewe mwenyewe uiruhusu kuendelea. Ofisi ile ile kwa nuktamkato ingeandikwa:

```
+256414000000;3;204
```

Mashine ikishapokea, kwenye Android kinatokea kidirisha kikiuliza `Send the following tones?` pamoja na tarakimu zinazofuata, nawe unakubali wakati sauti imefika pahali pake. Kwenye iPhone kinatokea kitufe chini ya kioo chenye neno `Dial` na tarakimu hizo.

Mimi nachagua hivi. Kama salamu haibadiliki na nimeipima, natumia mikato. Kama urefu wa salamu unabadilika, natumia nuktamkato. Ofisi zinazoweka matangazo ya sikukuu mbele ya salamu, au zinazokuweka kwenye foleni kabla ya menyu, hazipimiki kwa mikato. Mikato yako itakuwa sahihi Jumatatu na ya ovyo Jumatano.

Unaweza pia kuchanganya. Sehemu inayotabirika iende yenyewe, sehemu isiyotabirika ikusubiri:

```
+256414000000,,,,,3;204
```

Huu ndio mtindo ninaompa mtu ambaye hajazoea. Lugha inachaguliwa yenyewe, kisha anaposikia Kiswahili anagusa mara moja tu.

Onyo kwa madereva: nuktamkato inataka macho na kidole. Ukiwa na simu sikioni kioo kinazimika na hutaona kidirisha, na ukiwa unaendesha hupaswi kukitafuta. Kwa simu ya barabarani, weka mikato iliyopimwa, au egesha kwanza.

## Hatua ya 4: Iandike ndani ya simu

Android. Njia rahisi ni kuanzia mahali pa kupigia, si kwenye orodha ya majina. Fungua programu ya simu, andika `+256414000000`, kisha gusa vidoti vitatu. Vidoti vyenyewe mara nyingi havionekani mpaka uwe umeandika tarakimu. Ndani yake kuna `Add 2-sec pause`, ambayo inaweka mkato, na `Add wait`, ambayo inaweka nuktamkato. Gusa ya kwanza mara tano, andika 3, iguse tena mara mbili, andika 204. Kabla ya kupiga, chagua kuiongeza kwenye majina.

Ukihariri jina lililokwisha kusevuliwa, tafuta kwenye kibodi ya namba kitufe chenye alama kama `*#(`. Kinafungua ukurasa wenye `Pause` na `Wait`.

iPhone. Fungua jina, gusa `Edit`, ingia kwenye namba. Kona ya chini kushoto ya kibodi kuna `+*#`. Iguse, nawe utaona `pause` na `wait`. Huenda baada ya kila alama ukarudishwa kwenye tarakimu, na hapo mikato mitano itakuchosha kidogo. Vumilia.

Simu ya vitufe. Nyingi hazionyeshi mkato wala nuktamkato, zinaonyesha herufi. Bonyeza nyota mara kadhaa kwa haraka, utaona ikigeuka kuwa `+`, kisha `p`, kisha `w`. `p` ni ya kungoja kwa sekunde, `w` ni ya kukusubiri wewe. Namba yetu itaonekana:

```
+256414000000ppppp3pp204
```

Urefu wa `p` hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, kwa hiyo usinakili idadi kutoka kwa rafiki mwenye Android. Pima upya.

Mwisho, lipe jina linaloeleza kilichomo: "Nyaraka 204 Kiswahili". Isevu kama jina la peke yake, tofauti na namba kuu. Siku menyu ikibadilika bado unayo namba safi ya kupiga na kusikiliza. Pia namba yenye mikato haifai kwa ujumbe mfupi wala WhatsApp.

## Hatua ya 5: Jaribu, kisha soma kosa

Piga kutoka kwenye jina ulilosevu, spika ya nje, macho kwenye saa. Ukiwa umefaulu utasikia salamu mpaka mwisho, lugha zitaanza kutajwa na kukatika mara, Kiswahili kitaanza na kukatika, kisha mlio wa kuita. Wewe hujagusa kitu.

Ikikosea, usiongeze mikato kila mahali kwa hasira. Mahali ulipofika panakuambia kosa liko wapi.

Umefika lugha ambayo hukuichagua, na tarakimu ya lugha hiyo ndiyo inayoanza namba yako ya ndani: tarakimu ya kwanza imewahi na kupotea. Ongeza mkato mmoja kabla yake. Huo ni ugonjwa wa mzee wa Malaba.

Umefika lugha sahihi, lakini mashine inarudia "ibonyeze sasa" au inasema namba haipo: namba ya ndani imewahi, pengine tarakimu yake ya kwanza imemezwa na kimya. Ongeza mkato mmoja kabla ya 204, usiguse ile mitano.

Mashine imerudia lugha zote mara ya pili, au imekupeleka mapokezi kabla hata ya kusikia mlio wa tarakimu zako: umechelewa. Punguza. Hili ni nadra, na mara nyingi maana yake ni kwamba salamu imefupishwa tangu ulipopima.

Ilifanya kazi miezi mitatu, leo unafika dawati la watu wengine: menyu imebadilika. Ofisi ikiongeza lugha moja, tarakimu zote zilizo chini yake husogea. Rudi hatua ya 2 na namba yako safi.

Hakuna tarakimu hata moja inayosikika, mashine inatenda kama hujabonyeza: jaribu kwa kidole. Kidole nacho kikishindwa, tatizo ni laini au mtandao wakati huo. Watu wengi hukimbilia kuwasha sauti ya vitufe kwenye mipangilio ya simu. Sauti ile ni ya masikio yako tu. Kwenye mtandao wa simu za mkononi, simu yako hutuma taarifa kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, na mlio wenyewe hutengenezwa mbele ya safari. Ndiyo maana kelele za lori hazizuii tarakimu kupita.

Kuna jambo moja ambalo huwa nakataa kumwekea mtu hata akinibembeleza. Baadhi ya menyu huuliza namba ya siri au namba ya akaunti baada ya lugha, na kitaalamu inawezekana kuisevu pale mbele ya nuktamkato. Usifanye. Majina ya simu hunakiliwa kwenye akaunti ya Google au iCloud, hutumwa kwa watu wengine kwa mguso mmoja, na yeyote anayeazima simu yako kupiga anayasoma. Maliza namba yako kwenye lugha na dawati, na namba ya siri iandike kwa kidole kila mara.

Mzee wa Malaba nilimrudishia mikato yake miwili kwa kumsomea kwenye simu ya jirani yake, gusa, gusa tena, haya sevu. Alipiga akafika nyaraka, akanipigia tena. "Lakini mitano ni mingi," alisema.